Kusoma kilicho chini ya muhuri

Anayepokea nakala ya cheti iliyoskaniwa, ili akitafsiri au ayaingize maandishi yake kwenye kompyuta, mara nyingi hukuta jambo lile lile: sehemu anayoihitaji kuliko zote ndiyo muhuri umekaa juu yake. Tarehe imekatwa katikati na duara la zambarau, sahihi ya afisa imepita juu ya namba ya usajili, na mkunjo wa karatasi umeuma mstari mzima. Hili si uzembe wa karani peke yake. Ofisi nyingi hugonga muhuri juu ya sahihi, juu ya ukingo wa picha au juu ya maandishi kwa makusudi, ili mtu akitaka kubandua picha au kufuta tarehe alazimike kuuharibu na muhuri. Kinga ya hati ndiyo hiyo hiyo kero ya msomaji.

Muhuri, sahihi na mkunjo huonekana kama tatizo moja, lakini kila kimoja huficha kwa namna yake. Wino wa muhuri ni mwembamba na una rangi, kwa hiyo maandishi bado yapo chini yake na mara nyingi yanaweza kutenganishwa nao. Sahihi huenda ina rangi moja na maandishi, na hapo kutenganisha ni kugumu. Mkunjo hauna wino kabisa: huleta kivuli, huondoa maandishi, au humeza kipande cha karatasi. Nitakaa zaidi kwenye muhuri, kwa sababu ndiko watu wanakokata tamaa mapema bila sababu.

Tuanze na skani yenyewe. Skana nyingi za ofisini zimewekwa kutoa picha ya kijivu, au nyeusi na nyeupe tupu, ili faili liwe dogo. Programu za simu za kupiga picha hati nazo huwa na kichujio cha kuifanya karatasi iwe nyeupe na maandishi yawe meusi. Muhuri ukishapitia huko, umeshaungana na maandishi na hakuna ufundi wa baadaye utakaowatenganisha. Inatakiwa skani ya rangi, angalau nukta 300 kwa inchi, na 600 kama herufi ni ndogo, ihifadhiwe kama PNG au TIFF. JPEG ina shida yake hapa: ili kupunguza ukubwa, mara nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi huziweka kwa makundi ya pikseli 4. Herufi inaonekana kali kwa jicho, kumbe mpaka kati ya wino wa muhuri na wino wa taipu umeshavurugika. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa tena, kwa hiyo mwombe mteja aitume kama faili la hati.

Sasa tuone kwa nini muhuri wa zambarau huonekana mweusi kuliko unavyostahili. Picha ya rangi imeundwa na chaneli tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila pikseli ina namba tatu kuanzia 0, giza kabisa, hadi 255, mwanga kamili. Chukua picha moja ambamo karatasi ina takriban 240 katika chaneli zote, maandishi ya taipu yana 45 katika zote, na muhuri wa zambarau una 120 kwenye nyekundu, 70 kwenye kijani na 170 kwenye buluu. Kompyuta inapoigeuza picha kuwa ya kijivu kwa kanuni ya kawaida, haizigawi chaneli sawasawa. Huchukua asilimia 30 hivi ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 tu ya buluu, kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani kwa nguvu zaidi. Ukipiga hesabu hiyo, muhuri unatoka na 96 hivi. Kisha programu ya kusoma maandishi hukata mstari mahali fulani kati ya wino na karatasi, tuseme kwenye 140: kilicho chini ya hapo kinakuwa cheusi, kilicho juu kinakuwa cheupe. Muhuri wenye 96 unaingia upande wa weusi pamoja na herufi, na sehemu ile inabaki doa.

Ukiacha kanuni hiyo na kuitazama chaneli ya buluu peke yake, mambo yanabadilika. Muhuri una 170, taipu ina 45. Ukikata pale pale kwenye 140, muhuri unakwenda upande wa weupe na herufi zinabaki. Ni kama kuitazama karatasi kupitia kioo cha buluu: kilicho na rangi ya kioo hufifia, na cheusi hubaki cheusi. Muhuri mwekundu hufifia kwenye chaneli nyekundu, wa kijani kwenye kijani. Kwa maneno mengine, kanuni ya kawaida ya kijivu huipa sauti ndogo kabisa chaneli ile ile ambayo ingekusaidia kwa muhuri wa zambarau au wa buluu, ambao ndio tunaokutana nao kila siku.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, utaipata kazi hii kwenye menyu ya Colors, kisha Components, kisha Decompose, uchague RGB. Anayependa kuandika amri fupi atumie programu ya ImageMagick:

```
magick cheti.png -channel R -separate nyekundu.png
magick cheti.png -channel B -separate buluu.png
```

Kuna mtego mmoja ambao huwakamata hata wazoefu. Fomu nyingi hazikupigwa taipu. Zimejazwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Ukifungua chaneli ya buluu kwa mazoea, muhuri unafifia na mwandiko unafifia pamoja nao, unabaki na karatasi tupu na maneno ya chapa ya fomu. Hapo nenda kwenye nyekundu. Wino wa buluu huwa na giza kubwa kwenye chaneli nyekundu, wakati zambarau, kwa kuwa ina wekundu ndani yake, huwa na giza kidogo kuliko huo. Tofauti yake si kubwa kama ile ya taipu na muhuri, lakini mara nyingi inatosha kwa jicho kuufuata mkondo wa kalamu. Kwa hiyo usikariri jina la chaneli. Tafuta ile ambamo kinachofunika kimefifia na kilichofunikwa hakijafifia.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: cheti cha kuzaliwa cha zamani kilichopigwa taipu, chenye muhuri wa duara wa zambarau uliokalia mistari miwili. Kwenye mstari wa mahali alipozaliwa mtu panaonekana “Ki”, kisha doa, kisha “a”. Kwenye mstari wa tarehe panaonekana “1”, kisha tarakimu iliyopitiwa na ukingo wa muhuri, kisha “Machi 1987”.

Kabla ya kugusa rangi, pima. Taipureta ya kawaida huipa kila herufi nafasi sawa, iwe “i” au “m”. Mashine nyingi zilipiga herufi 10 au 12 kwa inchi. Kama ni 10, basi kwenye skani ya nukta 300 kila herufi imechukua pikseli 30, na unaweza kuhakikisha kwa kupima neno lolote lisilofunikwa kwenye cheti hicho hicho. Kati ya mwisho wa nafasi ya “i” na mwanzo wa nafasi ya “a” ya mwisho kuna pikseli 90, yaani herufi tatu zimefichwa. Neno lina herufi sita. Kilwa, yenye tano, imeshatoka. Zinabaki Kilosa, Kigoma, Kibaha na nyingine za urefu huo, na kufikia hapa hakuna anayeruhusiwa kuchagua.

Sasa fungua chaneli ya buluu. Herufi hazijitokezi zote kwa ukamilifu, kwa sababu muhuri uligongwa kwa nguvu upande mmoja na wino ukawa mzito. Lakini huhitaji herufi nzima. Angalia kinachopanda juu ya mstari na kinachoshuka chini yake. Kigoma ingekuwa na mkia wa “g” ukining'inia chini ya mstari kwenye nafasi ya tatu, na mkia haupo. Kwenye nafasi hiyo kuna mti uliopanda juu, kwa hiyo ni “l” au “b” au herufi nyingine ndefu. Kwenye nafasi ya tano, ambako Kibaha ingepandisha “h”, hakuna kinachovuka urefu wa “a”. Sasa Kilosa ndiyo inayolingana. Ukitelemka kwenye fomu, mstari wa mkoa umeandikwa Morogoro, na Kilosa iko Morogoro. Zingatia mpangilio huo: jicho kwanza, ushahidi wa mstari mwingine baadaye. Anayeanza na Morogoro atakwenda kwenye doa akiwa ameshaamua, na doa litamwonyesha anachokitaka.

Tarehe ni ngumu zaidi, maana swali ni kama tarakimu ni 3 au 8. Hizi mbili zinatofautiana upande wa kushoto tu: 8 imefungwa, 3 iko wazi. Na ukingo wa muhuri umepita hapo hapo kushoto, kwa hiyo kwa macho inaonekana 8 safi. Programu ya kusoma maandishi itaandika 18 bila kusita na bila kukuachia alama yoyote ya shaka.

Hapa ndipo namba za pikseli zinapofaa kuliko macho. Wino juu ya wino hauchanganyiki ukawa wa katikati, giza hujumlishana. Palipo na muhuri peke yake chaneli ya buluu inasoma karibu na 170. Palipo na taipu peke yake, karibu na 45. Palipo na vyote viwili, itakuwa 45 au chini zaidi, kamwe si 100 na kitu. Kuza picha hadi uzione pikseli moja moja, chukua kifaa cha kuchagua rangi, na ufuate ukingo wa muhuri tangu unapoingia kwenye tarakimu hadi unapotoka. Ukisoma 168, 171, 165, 172 mfululizo upande wote wa kushoto, hakuna wino wa taipu chini yake. Mstari ulioifunga tarakimu ni muhuri mtupu, na tarakimu ni 3. Ingekuwa 8, ungekuta namba zinaanguka hadi 40 na kitu mahali ambapo tumbo la tarakimu linapita, halafu zinapanda tena.

Nisingetosheka na hapo. Kwenye cheti hicho hicho tafuta 3 na 8 nyingine zilizopigwa na mashine ile ile, kwenye namba ya usajili au tarehe ya kutolewa. Kila taipureta ina umbo lake la tarakimu, na baadhi zina 3 yenye kichwa bapa ambayo haifanani na 8 hata kidogo. Ukiiweka tarakimu yenye shaka kando ya zile zisizo na shaka, kwa ukubwa ule ule, shaka mara nyingi huisha au huwa kubwa zaidi. Yote mawili ni majibu.

Wakati mwingine unachokitaka ni muhuri wenyewe. Mfasiri wa hati anatakiwa aseme muhuri umeandikwa nini, na tarehe iliyo katikati yake huenda imejificha nyuma ya maandishi ya fomu. Njia ni ile ile ikigeuzwa. Cheusi na cheupe vina thamani karibu sawa katika chaneli zote, na muhuri hauna. Ukichukua tofauti ya chaneli mbili, maandishi na karatasi vyote vinafutika na muhuri unabaki peke yake:

```
magick buluu.png nyekundu.png -compose difference -composite -negate muhuri.png
```

Utatokea umefifia, na pale ulipopita juu ya herufi nyeusi utakuwa na mapengo yenye umbo la herufi hizo. Ongeza utofauti wa mwanga na mara nyingi utasoma jina la ofisi na tarehe.

Muhuri mweusi juu ya maandishi meusi hauingii katika haya, na sahihi ya kalamu nyeusi vivyo hivyo. Kwenye skani namba zote zinafanana, na hakuna chaneli ya kukimbilia. Kilichobaki ni kufuata mkono. Mstari wa kalamu ni mrefu, unapinda taratibu, na unene wake hubadilika kadiri mkono ulivyokaza na kulegeza. Herufi ya taipu au ya printa ina unene wa aina moja na inaishia ghafla. Chora sahihi kwa rangi tofauti kwenye tabaka la juu la picha, ukianzia sehemu iliyo wazi na kuingia nayo kwenye maandishi, kisha uangalie ni mistari ipi haikuelezwa na sahihi. Hiyo iliyobaki ni ya maandishi. Kwa tarakimu moja au mbili njia hii inafaa. Kwa neno zima mara chache.

Karatasi yenyewe ikiwa karibu, usiishie kwenye skani. Taipureta iliigonga karatasi, na kishindo hicho huacha bonde. Iweke hati mezani chumba kikiwa na giza, ulaze tochi ubavuni mwake ili mwanga upite juu ya uso wa karatasi, na mabonde ya herufi hutupa vivuli hata chini ya wino mweusi. Geuza pia upande wa nyuma. Wakati mwingine herufi zinasomeka huko kinyume bora kuliko mbele. Maabara za uchunguzi wa nyaraka zina kamera za miale ya infraredi, na huko wino mwingi wa kalamu za bolpeni hutoweka wakati tona ya printa, yenye kaboni, inabaki nyeusi. Njia hiyo ni ya mgogoro uliofika mahakamani, si ya tafsiri ya cheti cha viza.

Mkunjo una habari nyingine kabisa. Skana za bei nafuu huangaza kutoka upande mmoja, kwa hiyo tuta la mkunjo likiwa sambamba na taa hutupa kivuli cheusi juu ya mstari wa maandishi. Igeuze karatasi nyuzi 180 na uskani tena: kivuli kitahamia upande wa pili wa tuta, na kati ya picha mbili utapata mstari mzima. Iskani pia ikiwa imelala kwa ubavu, taa ipite kwa kufuata urefu wa mkunjo. Skana hizo hizo huona vizuri kile tu kilichogusa kioo, na karatasi iliyoinuka milimita chache tayari ina ukungu. Kitabu kizito juu ya mfuniko hurekebisha hilo kuliko programu yoyote.

Hasara ya kweli ni tona iliyobanduka. Printa ya leza haipaki wino unaozama. Huyeyusha unga wa plastiki juu ya uso wa karatasi, na unga huo ukikunjwa mara nyingi hupasuka na kudondoka. Mstari mweupe unaokata herufi katikati si mwanga wala kivuli, ni maandishi yaliyoondoka. Soma nusu ya juu ya herufi kwanza, maana ndiyo yenye utambulisho zaidi, na ukumbuke kwamba 1 na 7, au 5 na 6, zikikatwa vibaya hazitofautiki.

Lililo baya zaidi ni skani iliyopigwa karatasi ikiwa imekunjwa, upande mmoja umelala juu ya mwingine. Kwa macho ukurasa unaweza kuonekana mzima. Dalili iko kwenye nafasi za mistari: fomu ina mistari iliyopangwa kwa umbali sawa, tuseme milimita 8, na penye mkunjo umbali unakuwa 5. Milimita 3 zimemezwa. Ukikuta umbali ni 8 lakini namba za vipengele zinaruka kutoka 6 kwenda 8, kipengele kizima kiko ndani ya mkunjo. Hapo hakuna cha kusafisha. Rudisha na uombe skani mpya.

Baada ya kazi yote hii linakuja swali la kuandika. Picha uliyoitoa muhuri ni ya mezani kwako tu. Usiiambatanishe na tafsiri wala kumpa mteja kama “nakala safi”, kwa sababu cheti kilichoondolewa muhuri, hata kwa nia njema, mbele ya afisa ni hati iliyochezewa. Skani ya awali ihifadhiwe bila kuguswa, na kila jaribio lifanyike kwenye nakala.

Kwenye tafsiri, kilichosomeka bila shaka baada ya kutenganisha rangi huandikwa pamoja na maelezo mafupi: “13 Machi 1987 [tarakimu ya pili iko chini ya muhuri]”. Chenye shaka huandikwa na shaka yake: “Namba ya usajili 00412[1 au 7]6, sehemu imefunikwa na sahihi”. Kisichosomeka kabisa huandikwa “[haisomeki, chini ya muhuri, takriban herufi 3]”, na ile hesabu ya herufi ina maana, kwa sababu anayeshika karatasi halisi atajua anatafuta kitu cha urefu gani. Mteja akisema “andika tu nane, mimi ndiye niliyezaliwa, naijua”, anaweza kuwa sahihi kabisa, lakini unatafsiri karatasi, si kumbukumbu yake. Maelezo yake yanaweza kwenda kwenye barua yake mwenyewe.

Na kwa namba ya usajili iliyogoma, mahali pa kuuliza ni daftari lilikotoka. Tanzania Bara vyeti vya kuzaliwa viko chini ya RITA, ambayo hufanya uhakiki wa vyeti; wanafunzi wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wanaufahamu utaratibu huo vizuri. Mteja akiomba uhakiki, au cheti kipya kutoka kwenye daftari hilo, apewe ukurasa unaoonyesha wazi ni tarakimu ya ngapi ina utata na ni namba gani mbili zinashindaniwa. Karani wa daftari atalijibu swali la namna hiyo upesi kuliko ombi la jumla la “kusahihisha cheti”, ambalo linaweza kumwingiza mteja kwenye utaratibu mwingine kabisa ambao hakuuhitaji.